Mshono mmoja, rangi nne: barua ya fundi wa Kariakoo na swali lililorudi kutoka Morogoro

Mteja anaishi Morogoro, fundi wake yuko Kariakoo. Gauni ni la sendofu ya mtoto wa dada yake, na yeye kama mama mdogo anatakiwa kukaa mbele na kupigwa picha usiku kucha. Mshono walishakubaliana: gauni refu, mikono mirefu, linabana mpaka magotini kisha linachanua. Kwa kuwa kitambaa kingekuwa cha gharama, fundi alishona kwanza nguo ya majaribio kwa marekani, mteja akaja Dar es Salaam kuijaribisha, ikarekebishwa mwilini, akapigwa picha, akarudi kwake. Rangi haikuamuliwa siku hiyo. Dada zake walikuwa na maoni, na kilemba cha rangi ya dhahabu iliyofifia kilikuwa kimeshanunuliwa, hivyo gauni ndilo lililopaswa kukifuata kilemba.

Siku chache baadaye fundi alimtumia picha nne na barua. Wote wawili wameniruhusu niichambue, bila majina. Nimeichagua kwa sababu mafundi wengi siku hizi wanabadilisha rangi za nguo kwenye picha za wateja, lakini wachache wanaoandika neno lolote la kuzisindikiza. Huyu aliandika hivi:

"Dada yangu, habari za Morogoro na habari za maandalizi? Sisi huku tunaendelea vizuri. Nguo yako ya majaribio nimeshaifumua, vipande vyake ndivyo nitakavyokatia kitambaa chenyewe. Kilichobaki ni rangi.

Nimekutumia picha nne. Ni picha ile ile niliyokupiga ukiwa umevaa marekani, nimebadilisha rangi ya nguo tu. Uso wako, mikono yako na kiuno chako sijavigusa.

Picha A ni bluu iliyokolea, B ni damu ya mzee, C ni kijani cha chupa, D ni pichi. Zote nne ni za satini ya aina moja, na majora nimeyaona mwenyewe dukani. Wewe unahitaji mita 3.5 na kila jora lina zaidi ya hapo. Bei ya mita ni moja kwa zote, ila D itataka bitana nzito, kwa hiyo jumla yake itapanda kidogo.

Picha A imetoka nyeusi kuliko kitambaa chenyewe, usiikatae kwa sababu hiyo. D imependeza kwenye picha kuliko zote, na naogopa isikudanganye. Pichi kwenye satini inaonyesha jasho na inaonyesha mstari wa nguo ya ndani, na wewe utacheza.

Marekani ni pamba, inasimama. Satini inalala, hasa kule chini linapochanua. Basi angalia rangi, mikunjo usiiangalie.

Vipande vinne vya kitambaa viko kwenye bahasha, nimeviandika A mpaka D, vinakuja na basi la kesho asubuhi. Usichague kabla hujavishika. Viweke juu ya kilemba chako, viangalie mchana ukiwa barazani, halafu usiku chini ya taa. Picha na kipande vikipingana, fuata kipande.

Ukinijibu kabla ya Jumamosi nitanunua mita zote kwenye jora moja. Jora likiisha, sitanunua jingine la kufanana nalo bila kukuonyesha. Picha ni zako, sitaziweka popote bila ruhusa yako. Ni mimi fundi wako."

Tuanze na picha iliyotumika, maana hapo ndipo kazi yote ilipookolewa. Mteja, alipoambiwa mwanzoni kwamba ataonyeshwa rangi kwenye picha yake, alikuwa ametuma picha moja nzuri sana akiwa amevaa dera la maua. Fundi aliikataa kwa upole. Dera ni pana, halina mstari wa kiuno wala wa nyonga, kwa hiyo gauni lingebidi lichorwe upya juu ya mwili wa kukisia. Na maua yake yana rangi zake: ukipaka bluu juu yake, ua jekundu linabaki kuwa doa. Picha ya siku ya kujaribisha haikuwa na matatizo hayo. Nguo ilikuwa tayari ya mshono ule ule, iko juu ya mwili ule ule, na kitambaa chake kinakaribia weupe, hakina pambo. Kitu pekee kilichohitaji kubadilishwa kilikuwa rangi. Kwa hiyo mteja akitazama urefu wa mikono au mahali gauni linapoanza kuchanua, anaona ukweli, si mchoro.

Upakaji wenyewe alinionyesha kwenye simu. Anatumia programu ya kuhariri picha yenye matabaka. Kwanza anaizungushia nguo mstari na kuitenga na ngozi, kazi inayochukua muda mrefu kuliko nyingine zote, hasa pembeni mwa shingo na kwenye vifundo vya mikono. Kisha anaiondolea nguo rangi yake kabisa, kwa kushusha `Saturation` mpaka sifuri. Hatua hii wengi huiruka. Marekani si nyeupe, ina unjano wa pamba isiyopaushwa, na unjano huo ukibaki chini, bluu itaelekea kijani na pichi itaelekea chungwa. Baada ya hapo anaweka juu tabaka la rangi anayoitaka na kulipa hali inayoitwa `Multiply`.

Hali hiyo inafanya jambo moja rahisi: inazidisha mwanga wa picha ya chini kwa rangi ya juu, kisha inagawanya kwa 255, namba ambayo kwenye simu inamaanisha mwanga kamili. Penye mkunjo wenye kivuli panakuwa na rangi ile ile iliyotiwa giza, na ndiyo maana mikunjo inabaki na nguo haionekani kama karatasi iliyobandikwa. Lakini hapo hapo kuna mtego. Chukua kijani cha chupa. Sehemu ya kijani ndani ya rangi aliyoipima kwenye kipande ilikuwa 106. Sehemu angavu ya marekani kwenye picha ilikuwa 220 tu, kwa sababu mteja alisimama kivulini. Zidisha 220 kwa 106, gawanya kwa 255, unapata 91. Gauni limekuwa jeusi kuliko kitambaa, na hakuna aliyekusudia. Fundi alilirekebisha kwa kupandisha kwanza mwanga wa nguo iliyotengwa mpaka sehemu zake angavu zikafika 250, na hapo kijani kikatoka 104, karibu kabisa na 106 ya kipande.

Kwa bluu iliyokolea marekebisho hayo hayakutosha. Rangi nzito ikizidishwa na vivuli inazama, mikunjo inapotea, na gauni linakuwa kama shimo lenye umbo la mtu. Kitambaa cha kweli hakiwi hivyo, kwa sababu hata kikiwa cheusi, uso wake unarudisha mwanga kidogo kwenye kila mgongo wa mkunjo. `Multiply` haina uwezo wa kuongeza mwanga huo, inapunguza tu. Fundi angeweza kuupaka kwa mkono. Aliamua kuuacha na kuandika kwenye barua kwamba picha A imetoka nyeusi kuliko kitambaa chake. Naona aliamua vizuri. Mng'ao wa kuchorwa kwa mkono ni wa kubuni, na mteja hana njia ya kujua fundi ameishia wapi kubuni.

Tazama sasa kilichotokea bila mtu kupanga. Pichi ni nyepesi, kwa hiyo kila mkunjo wa marekani ulibaki wazi na picha D ikaonekana kama ya studio. Bluu ni nzito, kwa hiyo picha A ikaonekana bandia. Mteja aliyepewa picha nne bila maneno angechagua pichi, na angedhani amechagua rangi, kumbe amechagua picha iliyofanikiwa zaidi. Wateja wangapi wamevaa rangi nyepesi kwa sababu hiyo sijui, lakini nikiona fundi anatuma picha za namna hii bila onyo, siamini tena kwamba mteja amechagua mwenyewe. Mistari ile miwili ya barua, ule wa A na ule wa D, ndiyo ninayoithamini kuliko yote.

Rangi zenyewe alizipata wapi? Kosa la kawaida ni kupiga picha kila jora dukani, moja moja, chini ya taa za duka. Kamera ya simu hujirekebisha yenyewe ili kilichomo kwenye fremu kisielemee rangi moja. Ukiijaza fremu yote damu ya mzee, simu inadhani mwanga wa mahali hapo ndio mwekundu, na inaupunguza. Ukihamia jora la kijani, inapunguza kijani. Unatoka na picha nne ambazo kila moja imesahihishwa kivyake, na huwezi kuzilinganisha. Fundi huyu aliomba vipande vidogo, akavipanga vyote vinne juu ya karatasi nyeupe, akatoka navyo nje penye kivuli, akapiga picha moja tu. Karatasi inaipa kamera kitu cheupe cha kujipimia, na hata kama kuna kosa, limeziangukia rangi zote nne kwa pamoja.

Suala la ngozi aliligusa kwa sentensi moja, na mimi nitaongeza moja au mbili tu. Simu nyingi hung'arisha uso zenyewe kabla hata hujafungua programu ya kuhariri, na fundi anatakiwa kuzima jambo hilo siku ya kupiga picha. Si kwa ajili ya maadili peke yake. Rangi ya nguo inahukumiwa pembeni mwa ngozi, na mteja akionyeshwa pichi pembeni mwa uso uliong'arishwa, anahukumu gauni la mtu mwingine. Kiuno nacho hivyo hivyo: ukikipunguza kwenye picha, umeahidi kipimo ambacho utepe wako hautakitoa.

Bahasha ya vipande ndiyo iliyofanya maamuzi, na hivyo ndivyo fundi alivyotaka. Mteja ananiambia alipofungua picha jioni ile, simu yake ilikuwa kwenye ile hali ya kupumzisha macho usiku, inayotia kioo unjano. Pichi ilionekana kama chungwa bivu na bluu ilikuwa kama jivu. Asubuhi picha zile zile zilikuwa nyingine. Dada yake aliye Dodoma alizifungua kwenye simu ya aina nyingine na akaona kijani kingine. Haya hayana tiba kwa upande wa fundi, awe hodari namna gani, na ndiyo maana kipande cha kitambaa cha upana wa kiganja kina nguvu kuliko picha nne.

Maelekezo ya kuviangalia mchana na usiku nayo yana sababu. Ukumbi wa sendofu hauna mwanga wa jua. Mara nyingi una taa za zambarau na bluu ukutani na taa nyeupe jukwaani. Damu ya mzee inarudisha zaidi mwanga mwekundu, na chini ya taa ya bluu hakuna mwekundu wa kurudisha, kwa hiyo gauni linakaribia kuwa jeusi. Fundi angeweza kuliandika hili waziwazi badala ya kusema tu "usiku chini ya taa", maana taa ya sebuleni si taa ya ukumbini. Kuviweka juu ya kilemba kulisaidia zaidi. Vitambaa viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti vinaweza kupatana barazani na kugombana chini ya taa, na mteja aliliona hilo kwa pichi: mchana ilikuwa ndugu wa kilemba, usiku kilemba kikaelekea kijani na pichi ikaelekea waridi. Akaiondoa. Akaiondoa na damu ya mzee, si kwa ajili ya taa, bali kwa kuwa mama wa bibi harusi alikuwa ameshaichukua.

Ahadi ya jora moja ni ya kifundi hasa. Kitambaa cha rangi moja kutoka kiwanda kimoja kinaweza kutofautiana kati ya jora na jora, kwa kuwa kila mkupuo wa kutiwa rangi una tofauti yake ndogo. Dukani huioni. Unaiona mkono ukishaunganishwa na kiwiliwili. Fundi anayenunua mita 3 leo na nusu mita wiki ijayo anajitafutia ugomvi.

Jibu la mteja lilikuja Ijumaa, na ndani yake kulikuwa na swali ambalo barua haikuwa imejiandaa nalo. Aliandika: "Fundi wangu, nimechagua C, kijani cha chupa, na kwenye kilemba kimekaa vizuri mchana na usiku. Ila mbona kipande kinang'aa sana? Kwenye picha nilikipenda kwa sababu haking'ai. Na dada zangu wameona picha tu, wanasema gauni limetulia, linafaa kwa mama."

Swali lilikuwa la haki. Picha ilitengenezwa juu ya marekani, pamba isiyong'aa, na `Multiply` haiwezi kuweka mng'ao usiokuwepo. Barua ilimwambia mteja asiangalie mikunjo, lakini haikumwambia kwamba hata uso wa kitambaa ulikuwa wa pamba. Mteja alipenda kitu ambacho hakikuwa kwenye jora. Na dada zake ambao hawakushika kipande chochote, wala hawakusoma barua, walikuwa wameshatoa hukumu kwa picha peke yake, kwa sababu picha ndiyo inayosambazwa kwenye kundi la familia na maneno yanabaki kwa aliyeandikiwa. Onyo la namna hii mahali pake ni juu ya picha yenyewe, kwa herufi zinazosomeka: rangi ya kukadiria, mng'ao na mlalo havionekani hapa.

Bahati ilikuwa kwenye kitambaa. Satini aliyoichagua fundi ilikuwa ile yenye nyuso mbili, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia kama krepe. Alimpigia mteja simu, akamwambia ageuze kipande C na kukitazama upya juu ya kilemba. Upande wa krepe ulikuwa kijani kile kile lakini kimetulia, karibu kabisa na picha. Mteja akachagua upande huo uwe wa nje. Uamuzi huo ulipaswa kufanyika kabla ya kukata, maana vipande vya mkono wa kulia na wa kushoto vinageuzwa kufuata upande wa nje, na ukikosea unabaki na mikono miwili ya upande mmoja. Faida nyingine ambayo hakuna aliyeitafuta ni kwamba upande unaong'aa ulibaki ndani, unateleza vizuri juu ya bitana mtu anapotembea.

Kama ningeipanga barua hii upya ningebadilisha mambo mawili tu. La kwanza, baada ya sentensi ya marekani ningeongeza: "Kitambaa hiki kina pande mbili, mmoja unang'aa na mwingine haung'ai; ukipata kipande niambie upande gani uwe nje." La pili ni gharama. Barua haisemi itakuwaje mteja akibadili rangi baada ya kitambaa kukatwa. Fundi huyu na mteja huyu wanafahamiana miaka mingi na hawakulihitaji. Lakini fundi mwingine akiichukua barua hii kama kielelezo, na aandike kwamba rangi iliyokubaliwa ni ile ya kipande chenye alama kilichobaki kwa mteja, na kwamba kitambaa kikishakatwa kulingana na kipande hicho, kubadili rangi ni kununua upya. Na akate vipande viwili vya kila rangi, kimoja kiende na basi na kingine kibaki dukani kimebandikwa kwenye daftari la vipimo, ili siku ya kuchukua nguo wawe na kitu cha kulinganisha ambacho si simu ya mtu.

Mstari wa mwisho wa barua, kuhusu ruhusa ya picha, una uzito wa kisheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mteja inayomtambulisha ni taarifa yake. Fundi aliomba ruhusa ya kubandika picha C kwenye ukurasa wake wa mishono baada ya sherehe. Mteja alikubali kwa sharti uso ukatwe, na kwamba ibandikwe picha ya gauni lililoshonwa, si ile ya kupakwa rangi.